Mstari wa fidia kwenye hati ya mzigo: njia tatu za kuuandika, na kila moja inamfaa nani

Wenye malori wengi wa Mbeya, Tunduma na Makambako wanachapisha vitabu vya hati za mzigo kwa kunakili vya jirani. Jina la kampuni linabadilishwa, namba ya simu inabadilishwa, na yale maandishi madogo ya chini yanabaki kama yalivyo. Hapo chini ndipo palipo na swali ambalo huulizwa tu mzigo ukishapotea: msafirishaji atalipa kiasi gani?

Njia zinazotumika barabara hii ni tatu. Ya kwanza inasema mzigo unasafiri kwa hatari ya mwenyewe. Ya pili inaweka ukomo wa fidia kwa kila kilo. Ya tatu inamtaka mwenye mzigo atangaze thamani na kuongeza nauli kidogo, na wewe unabeba dhima hadi kwenye thamani hiyo. Nitazipima zote kwa mambo manne: unachotakiwa kuandika kwenye hati, unacholipa mambo yakiharibika, kama bima yako itakufuata hapo, na jinsi mteja atakavyoipokea. Nachukulia una gari mbili au tano, unavuka Tunduma kwenda Zambia na Kongo, au Kasumulu kwenda Malawi, na huna mwanasheria ofisini.

Mzigo wa kufanyia hesabu

Tuchukue safari moja ya mfano tutembee nayo mpaka mwisho. Gari limepakia Ubaruku magunia 400 ya mchele, kilo 50 kila moja, yaani kilo 20,000. Likapita mjini Mbeya likaongezewa makasha 4 ya mota za umeme za mashine za kusaga, kilo 80 kila kasha. Jumla ni kilo 20,320, mwenye mzigo ni mmoja na unakwenda Kitwe. Tuseme mchele ni dola 1.10 kwa kilo, kwa hiyo wote ni dola 22,000. Kila kasha la mota ni dola 3,000, yote manne dola 12,000. Nauli ni dola 1,600.

Kitwe wanaposhusha, magunia 12 hayapo na kasha moja la mota halionekani. Hasara ya mchele ni kilo 600, dola 660. Hasara ya mota ni dola 3,000. Jumla dola 3,660.

Kabla ya fidia, yale yaliyojazwa juu

Njia yoyote utakayochagua itasimama au kuanguka kwa sehemu tatu za juu ya hati: idadi, uzito, na maoni ya msafirishaji. Haya nayaeleza kwa mujibu wa Mkataba wa CMR wa Geneva wa mwaka 1956, unaohusu kusafirisha mizigo kwa barabara kati ya nchi na nchi, kwa sababu hati nyingi zinazozunguka huku zimetoholewa humo hata kama aliyezichapisha hajui. Tanzania, Zambia, Malawi na Kongo hazimo kwenye mkataba huo. Kwa hiyo haukubani kama sheria. Unakubana pale tu hati yako au mkataba wako na mteja unaposema kwamba masharti yake yatatumika. Soma chini ya hati yako. Ukikuta herufi CMR, umeshasaini, na mteja wako wa Lusaka anaweza kuwa anayajua hayo masharti kuliko wewe.

Chini ya masharti hayo, hati hutoka nakala tatu halisi zenye sahihi ya mtumaji na msafirishaji: moja ya mtumaji, moja inaenda na mzigo, moja inabaki kwako. Wakati wa kupokea mzigo, msafirishaji anatakiwa kukagua idadi ya vifurushi, alama na namba zake, na hali ya mzigo na vifungashio kwa jinsi inavyoonekana kwa nje. Asipoandika kitu, inachukuliwa kwamba idadi ilikuwa sawa na mzigo ulikuwa mzima. Akitaka kupinga baadaye, mzigo wa kuthibitisha uko begani kwake.

Kwa hiyo kwenye ile sehemu ya maoni, dereva aandike kilicho mbele yake pamoja na sababu. "Magunia 14 ya safu ya nyuma yameloa, mvua wakati wa kupakia" ni maoni yanayosimama. "Idadi haikuhesabiwa, kontena lilifungwa na mtumaji kabla ya gari kufika, lakiri namba hii" nayo inasimama. Lakini ule muhuri wa mpira unaogongwa kwenye kila hati, "mzigo haukuhakikiwa", bila sababu yoyote, ni dhaifu mno. Atakayesuluhisha atauliza kitu kimoja tu: magunia yalikuwa wazi kwenye tela, dereva alikuwepo, kipi kilimzuia kuhesabu?

Uzito nao una mambo yake. Mtumaji anayeogopa mizani atakwambia, "Mzee wangu, andika tani 18 tu, tutaelewana." Mzani wa Mpemba hausomi hati, unasoma ekseli, na kwa sheria ya Afrika Mashariki gari zima na mzigo wake haliruhusiwi kuzidi tani 56, tena kulingana na idadi ya ekseli. Alichokiandika ndicho kitakachotumika kwenye fidia. Uzito ukipunguzwa, ukomo wake wa fidia unapungua. Ukiongezwa, wa kwako unapanda. Hifadhi karatasi ya mzani pamoja na hati. Ukitoa uzito wa gari tupu, unabaki na ushahidi wa kilo ambao haukuandikwa na yeyote kati yenu.

La mwisho kabla hatujaingia kwenye njia zenyewe: uzito wa kila aina ya mzigo uandikwe peke yake. "Mzigo mchanganyiko, tani 20.3" ni maneno manne yanayoweza kukugharimu maelfu ya dola, na hesabu yake inakuja.

Njia ya kwanza: kwa hatari ya mwenye mzigo

Kinachoandikwa ni kifupi: mzigo unasafirishwa kwa hatari ya mwenyewe, msafirishaji hatawajibika kwa upotevu wala uharibifu. Haihitaji thamani, haihitaji uzito wa kila kasha. Karani anamaliza hati dakika mbili, na ndiyo maana inapendwa.

Kwenye mzigo wetu wa Kitwe, unalipa sifuri au unalipa zote 3,660. Hakuna katikati. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inamtaka aliyekabidhiwa mali ya mwenzake aitunze kama mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza ya kwake. Mahakama zinazofuata misingi ya sheria tuliyorithi kwa Waingereza, za kwetu na za Zambia, huusoma mstari wa kujitoa kwenye dhima kwa jicho kali, na penye utata huusoma dhidi ya aliyeuandika. Kama haukutaja uzembe, utaambiwa haukufunika uzembe. Kama mteja aliuona kwa mara ya kwanza gari likiwa limeshapakia na nauli imeshakubaliwa kwa simu jana yake, utaambiwa haukuwa sehemu ya makubaliano. Na mstari huo ukianguka, chini yake hakuna ukomo mwingine wa kukudaka. Unadaiwa hasara yote.

Upande wa bima hapa pana mtego ambao wengi hawauoni. Bima ya dhima ya msafirishaji inalipa kile ambacho wewe unawajibika kukilipa. Kama hati inasema huwajibiki, kampuni ya bima ina haki ya kukwambia usilipe na wao hawalipi, hata kama mteja ni wa miaka mingi na unataka kumridhisha. Kwa upande mwingine, mteja akiwa na bima yake ya mzigo, hali ni nzuri zaidi: analipwa na bima yake, na mstari wako unakuwa ngao dhidi ya kampuni hiyo inapokuja kukudai wewe kwa jina lake. Hilo huwa wanalisahau wengi: bima ya mwenye mzigo ikishalipa, inarithi haki yake ya kukudai. Usishangae kupata barua ya wakili wa Lusaka kuhusu mzigo ambao mteja mwenyewe alishakwambia "yamekwisha, ndugu yangu".

Wateja wadogo wanausaini bila neno. Kampuni kubwa, za mbolea, vinywaji au madini, hazikubali. Zinakuletea mkataba wao.

Inamfaa mwenye gari anayebeba mzigo wa bei ndogo kwa watu anaowafahamu, wanaopakia wenyewe na kusindikiza wenyewe, kama viazi vya Njombe ambavyo mwenye navyo amekaa kiti cha utingo mpaka sokoni. Inamfaa pia pale ambapo mwenye mzigo amekuonyesha bima yake kwa maandishi. Kwa wengine, maoni yangu ni kwamba inatuliza moyo kuliko inavyolinda mfuko.

Njia ya pili: ukomo kwa kilo

Hapa kuna mengi ya kusema, kwa sababu ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi.

Kinachoandikwa ni kwamba fidia haitazidi kiasi fulani kwa kila kilo ya uzito ghafi uliopungua au kuharibika. Kiasi maarufu ni kile cha CMR: 8.33 kwa kilo, katika kizio cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambacho kwenye skrini ya bei za fedha utakiona kwa alama XDR. Zamani kilikuwa faranga 25 za dhahabu. Itifaki ya mwaka 1978 ndiyo iliyoleta hizi 8.33. XDR moja imekuwa ikizunguka dola 1.3 hadi 1.4, kwa hiyo ukomo ni kama dola 11 kwa kilo. Nitatumia 11 kurahisisha. Siku ya kudaiwa, bei ya siku ndiyo inayohesabu.

Sasa linganisha dola 11 na mizigo ya huku kwetu. Mchele ni dola moja na kitu kwa kilo. Mahindi ni chini ya hapo, saruji chini kabisa, mbolea vilevile, mbao vilevile. Kwa mizigo hiyo ukomo haukugusi hata kidogo, kwa sababu fidia ni thamani halisi ya mzigo mahali na wakati ulipopokelewa, na ukomo unaanza kufanya kazi pale tu thamani hiyo inapozidi dola 11 kwa kilo. Anayebeba mahindi na kujivunia kwamba ana ukomo wa CMR hana ukomo wowote. Atalipa mahindi yote, na juu yake atarudisha sehemu ya nauli na ushuru inayolingana na mzigo uliopotea.

Ukomo huo una faida kwa mali nyepesi ya bei kubwa: mota, vipuri, simu, dawa za binadamu, vifaa vya sola. Na hata hapo, ni kama hati imeandikwa vizuri. Turudi Kitwe.

Kama mchele na mota viliandikwa kwenye hati moja kama mzigo mmoja, kilo zilizopungua ni 600 za mchele na 80 za mota, jumla 680. Wakili wa mwenye mzigo atazidisha 680 kwa 11, apate dola 7,480, kisha atauliza: hasara ni 3,660, iko ndani ya ukomo au nje? Iko ndani. Utalipa zote. Kilo za mchele, ambazo hazikuhitaji ukomo, zimeazimwa na mota.

Kama ziliandikwa hati mbili, moja ya mchele na moja ya mota, kila hati inahesabiwa peke yake. Mchele: kilo 600 mara 11 ni 6,600, hasara ni 660, unalipa 660. Mota: kilo 80 mara 11 ni 880, hasara ni 3,000, unalipa 880. Jumla dola 1,540. Karatasi moja ya ziada imeokoa dola 2,120. Katika hali zote mbili ongeza sehemu ya nauli: kilo 680 kati ya 20,320, kwa nauli ya 1,600, ni kama dola 54. Masharti ya CMR yenyewe, kifungu cha 5, yanampa msafirishaji haki ya kudai hati tofauti kwa mizigo ya aina tofauti. Itumie. Hati ya mota ionekane hivi:

"Makasha 4 ya mbao, mota za umeme, alama K1 hadi K4, kila kasha kilo 80 uzito ghafi, jumla kilo 320. Makasha yamefungwa na mtumaji, yaliyomo hayakuonekana. K3 ina ubao uliopasuka kona ya chini, msumari umetoka."

Ule ubao wa K3 ukiuandika Mbeya, Kitwe hawawezi kusema umepasuka njiani.

Ukomo huu pia unaweza kupotea. Kifungu cha 29 kinasema msafirishaji hawezi kujificha nyuma yake kama hasara imetokana na kosa la makusudi lake au la watu wake wakiwa kazini. Dereva aliyeuza magunia Nakonde ni mtu wako, alikuwa kazini, na kilo hazitakusaidia. Na gari bovu si utetezi kabisa: breki zikishindwa Kitonga, huwezi kumwambia mwenye mzigo kwamba fundi ndiye aliyekosea.

Upande wa mpokeaji, upungufu unaoonekana unatakiwa kuandikwa wakati wa kupokea. Usioonekana unatakiwa kutajwa kwa maandishi ndani ya siku 7, bila kuhesabu Jumapili na sikukuu. Akisaini bila maoni na siku hizo zikapita, inachukuliwa alipokea kama ilivyoandikwa, mpaka athibitishe vingine. Kwa hiyo dereva asiondoke Kitwe na nakala isiyo na sahihi, jina na tarehe ya aliyepokea.

Bima inaipenda njia hii, kwa sababu ukomo unahesabika mapema. Uliza tu ofisi ya bima kama sera yako inatambua masharti ya CMR yaliyokubaliwa kwa mkataba, kwa kuwa huku hayapo kwa sheria, na ofisi nyingine huhesabu hilo kuwa dhima uliyojitwisha mwenyewe. Ile Kadi ya Njano unayoonyesha mpakani haihusiki hapa. Inafunika watu wa nje na mali zao ukisababisha ajali, mzigo uliobeba haumo.

Wateja wa nje wanaizoea haraka. Wa ndani huuliza kwa nini mota ya dola 3,000 ilipwe 880. Swali ni la haki, na jibu lake ni njia ya tatu.

Hakuna kinachokulazimisha kutumia 8.33. Kwa kuwa mkataba huo si sheria huku, mnaweza kukubaliana dola 2 kwa kilo, au kiasi kimoja kwa gari zima. Kiasi kidogo kinakulinda hata kwa mizigo ambayo dola 11 haziigusi. Lakini kiandikwe wazi, kitaje uzembe, na mteja akiridhie kabla ya kupakia, la sivyo kitapata jicho lile lile kali tulilolisema kwenye njia ya kwanza.

Inamfaa anayebeba mizigo ya wateja wengi wasiofahamiana, makasha na vipuri, na aliye na karani anayeweza kuandika hati mbili badala ya moja bila kununa.

Njia ya tatu: thamani iliyotangazwa

Kinachoandikwa ni thamani, kasha kwa kasha, na nyongeza ya nauli iliyolipwa kwa ajili yake. Nyongeza hiyo ni lazima ionekane kwenye hati. Kwa masharti ya CMR, kifungu cha 24, thamani inachukua nafasi ya ukomo kwa sababu mtumaji ameilipia. Ankara ya mota iliyopinwa nyuma ya hati kwa ajili ya forodha si tangazo la thamani, na hapo pande zote mbili hukosea: mtumaji anadhani ametangaza, msafirishaji anadhani hajakubali, na hakimu ndiye anayebaki kuamua.

Tuseme mlikubaliana nyongeza ya dola 48 kwa mota zenye thamani ya dola 12,000, na mchele ukabaki bila tangazo. Kasha moja likipotea unalipa 3,000, mchele 660, sehemu ya nauli 54. Jumla 3,714. Ni ghali kuliko njia ya pili, lakini ulilijua hilo kabla gari halijatoka Mbeya, na ulikuwa na nafasi ya kuliwekea bima au kulikataa.

Thamani iliyotangazwa ni dari, haiwi bei ya lazima. Mwenye mzigo bado anatakiwa kuthibitisha hasara. Ikionekana mota zilinunuliwa dola 2,000 kila moja, unalipa 2,000, hata kama hati inasema 3,000. Ndiyo sababu usiogope mtu anayetangaza kubwa. Anachofanya ni kuongeza nauli yako. Muogope anayekupa jumla moja ya gari zima, "dola 34,000", bila kugawa. Kasha moja likipotea mtabishana lilikuwa sehemu gani ya hiyo 34,000.

Kwa bima, hapa unatakiwa kupiga simu kabla ya kusaini. Sera ya kawaida ina kiwango cha juu kwa kila gari, na thamani iliyotangazwa inaweza kukipita, au ikawa nje ya sera mpaka iongezwe kwa barua ya safari hiyo. Ile dola 48 isiingie kwenye dizeli. Ni ya bima.

Mteja mwenye mali ya bei anaipenda, kwa sababu anajua anachonunua. Mteja wa magunia haoni maana yake, na ana haki: mchele wake analipwa wote kwa njia ya pili bila kuongeza senti.

Inamfaa anayebeba mitambo, vifaa vya hospitali, au kasha moja la bei kubwa ndani ya mzigo wa kawaida, mradi awe na bima inayopanda na kushuka kwa safari.

Kulingana na unachobeba

Unapeleka mazao Malawi au Zambia na mteja ni yule yule kila msimu. Ukomo wa 8.33 hautakupunguzia kitu. Nguvu yako yote iweke kwenye idadi na maoni wakati wa kupakia, halafu chagua kati ya njia ya kwanza, kama ana bima na umeiona, na ukomo mdogo mliokubaliana, kama hana. Dola 2 kwa kilo bado inamlipa mchele wote, kwa hiyo kwa mazao kiasi kwa gari ndicho chenye maana: kiwekwe sawa na bima yako.

Unakusanya makasha ya wafanyabiashara wa Mwanjelwa na kuyapeleka Lusaka kwa gari moja. Njia ya pili, hati moja kwa kila mwenye mzigo na kwa kila aina, uzito wa kila kasha umeandikwa. Nunua mzani wa jukwaa; kwa biashara hii una kazi kubwa kuliko kompyuta.

Kwenye mzigo wa kawaida kuna kitu kimoja cha bei. Gawanya: njia ya pili kwa mzigo wote, njia ya tatu kwa hicho kimoja, kwenye hati yake peke yake.

Umeletewa mkataba na kampuni kubwa na hakuna nafasi ya kuubadilisha. Hati yako haitashinda mkataba wao, kwa hiyo usipoteze muda kuichapisha upya. Tafuta sehemu mbili tu ndani ya mkataba: kama kuna ukomo wowote, na kama bima yao imeacha haki ya kurudi kukudai wewe. Hiyo ya pili ndiyo ya kuiomba, na mara nyingine wanakubali kwa sababu inawagharimu kidogo.

Unarudi na shaba. Hapa hesabu ya kilo inabana kuliko popote. Mwaka 2024 bei ya shaba ilikuwa ikicheza dola 9 na 10 kwa kilo, yaani karibu kabisa na ule ukomo wa dola 11. Tani 30 kwa dola 10 ni dola 300,000. Ukomo wa CMR kwa tani hizo ni dola 330,000. Ukomo upo, lakini hautakuokoa hata dola moja mpaka bei ya shaba iupite. Kama bima yako inaishia dola 100,000 kwa gari, dola 200,000 zilizobaki ziko juu ya nyumba yako na magari yako mengine. Kwa mzigo huo mambo ni mawili: ukomo wa kiasi kwa gari unaolingana na bima, umesainiwa na mwenye shaba mwenyewe na si na dalali aliyekupa oda kwa simu, au barua ya bima yake inayosema haitakudai. Ukikosa vyote viwili, kurudi na tela tupu kutoka Ndola kuna gharama, lakini gharama yake unaijua: ni dizeli na posho ya dereva.